Ombi la kutuma tena swali la gesi ya Ziwa Kivu: picha hazikupita

Asista, jambo. Ni Furaha wa kemia, mwaka wa pili, yule anayekaa karibu na dirisha. Naomba ruhusa ya kutuma tena swali langu la kikao cha Jumamosi. Nililituma jana Alhamisi kabla ya saa 12 jioni, lakini halikufika, na sasa muda umefungwa, sina tena pa kuliweka. Ukiweza kunifungulia hata dakika kumi, nitalipitisha. Isipowezekana, nimeliandika lote hapa chini kwa maneno, bila picha, ulichukue hivi hivi. Ndiyo maana ujumbe umekuwa mrefu. Nivumilie.

Ilivyokuwa: kurasa tatu za daftari nilizipeleka sekreteria moja pale Nyawera, wakazipiga skana, wakanipa faili moja ya Mo 14. Kijana wa pale alitaka rangi ionekane vizuri. Kwa rezo ya jioni huku kwetu Kadutu, Mo 14 ni kupandisha mfuko wa simenti mlimani kwa kichwa. Ikafika 62 kwa mia, ikasimama, umeme ukaenda. Nikaazima mega za mdogo wangu, nikajaribu tena, telefone ikaandika `Échec de l'envoi`. Mara ya tatu ikaniambia imepita. Nikafurahi, nikafungua nione: jina langu lipo, saa ipo, ndani hamna kitu, 0 Ko. Kama kwako kuna faili yangu isiyofunguka, ni hiyo. Naomba uifute, wenzangu wasidhani nimeleta karatasi tupu.

Kuna jambo la pili, nalo ndilo linalonitia haraka. Telefone yangu ina tabia ya kushika kitu kilichoshindwa kwenda, halafu rezo ikirudi usiku inakisukuma yenyewe. Ile faili ya kwanza ikijitokeza, tafadhali usiipokee. Nilipokaa jana usiku kunakili upya kwa mshumaa, niligundua kwamba ukurasa wa tatu nilikosea: namba ya Henry ya metani niliiandika 0,014 badala ya 0,0014. Sifuri moja tu, lakini jibu langu lilitoka mita 32, na watu wawili wa promosyo walikuwa wamekwisha kulinakili. Nimewaambia. Sina hakika wamefuta.

Sasa swali lenyewe.

Ulitupa zoezi hili: maji ya Ziwa Kivu yanachotwa kwenye kina cha mita 400, yana CO2 0,090 mol kwa lita na CH4 0,018 mol kwa lita. Namba za Henry kwa nyuzi 25 ni 0,034 kwa CO2 na 0,0014 kwa CH4, zote kwa mol/L kwa atmosfea moja. Hewa juu ya ziwa ina presio ya atm 0,84, kwa sababu ziwa letu liko juu, karibu mita 1.460 kutoka usawa wa bahari. Unauliza: je, kule chini maji haya yanaweza kutoa mapovu yenyewe? Na tukiyapandisha kwa bomba, mapovu yataanza kwenye kina gani?

Sehemu ya kwanza naona nimeielewa. Hesabu yangu ni hii:

```
P(CO2) = 0,090 / 0,034  = 2,65 atm
P(CH4) = 0,018 / 0,0014 = 12,86 atm
Jumla  = 15,50 atm

Presio kwa mita 400:
1000 x 9,81 x 400 / 101325 + 0,84 = 39,57 atm
```

Gesi zote mbili zinasukuma kwa atm 15,50, maji yaliyo juu yanakandamiza kwa karibu atm 39,6. Gesi zimefika kama 39 kwa mia tu ya kiasi kinachohitajika, kwa hiyo zinabaki zimeyeyuka, hakuna povu. Mpaka hapo sina shida, ila nakiri kwamba metani ilinishangaza. Ni mara tano chini ya CO2 kwa kiasi, na bado ndiyo inayosukuma kwa nguvu zaidi, karibu mara tano. Nilirudia mara tatu nikidhani nimegeuza namba. Halafu nikaelewa kwamba ni kwa kuwa maji hayaipendi metani: CO2 inapata nafasi ya kukaa, metani inabanwa inatafuta mlango.

Shida yangu ni sehemu ya pili. Sisi watano tuliokaa pamoja Jumatano tumegawanyika, na sauti zilipanda mpaka mama mwenye nyumba akatutoa barazani.

Kundi la kwanza linasema kila gesi iangaliwe peke yake. Metani ina atm 12,86, kwa hiyo itaanza kutoa mapovu pale ambapo presio ya maji inashuka hadi 12,86, yaani kwa mita 124. CO2 ina 2,65, itangoja mpaka mita 19 hivi. Wanasema sheria ya Henry inahusu gesi moja moja na haituambii popote kuzijumlisha.

Mimi na mwenzangu mmoja tunasema zijumlishwe. Povu ni chumba kimoja. Likizaliwa, metani itaingia na CO2 itaingia, kila moja kwa presio yake, na ukuta wa chumba utasukumwa na zote kwa pamoja. Hapo Dalton ndiye anayeamua. Kwa hiyo povu la kwanza linaweza kusimama pale presio ya maji inapolingana na 15,50:

```
h = (15,50 - 0,84) x 101325 / 9810 = 151 m
```

Mita 151 dhidi ya mita 124. Kwa mtu anayeshusha bomba, hiyo tofauti ya mita 27 si mchezo. Tunaomba utuambie ni nani amekosea, na hasa amekosea wapi. Jibu tupu la "mita 151" halitatusaidia, maana wale wenzetu wataliandika kwenye karatasi bila kuliamini.

Swali dogo limejificha hapo ndani: kama tuko sawa, basi povu la kwanza lina metani 12,86 juu ya 15,50, yaani 83 kwa mia, na CO2 17 kwa mia. Ni hivyo? Maana kama ni hivyo, nimeelewa kwa nini wanaovuna gesi ziwani hawahitaji pampu ya kufanya kazi mchana na usiku. Bomba likishaanza, mapovu yenyewe yanayafanya maji yaliyo ndani kuwa mepesi na yanajivuta kwenda juu, na gesi ikitenganishwa na maji chini kidogo ya uso badala ya juu kabisa, CO2 nyingi inabaki ndani ya maji, metani inatoka. Upande wa Rwanda wanavuna hivyo na kuifanya umeme. Nilikuwa nimeyasoma hayo kwenye silabusi kama wimbo, sikuwa nimeyaona kwenye namba.

Na hapa ndipo mahali ambapo sijui kabisa nishike wapi. Tangu tukiwa wadogo tunaogopeshwa na CO2, si metani. Shangazi yangu wa Goma hawaruhusu watoto kukaa kwenye mabonde madogo ya mawe asubuhi mapema, kwa sababu ya mazuku: gesi nzito inalala chini, mbuzi anaingia hatoki. Na Ziwa Nyos kule Kameruni, mwaka 1986, ilikuwa CO2 iliyoua watu karibu 1.700 usiku mmoja. Sasa kama hesabu yetu inasema povu la kwanza la Kivu ni metani 83 kwa mia, na metani ni nyepesi kuliko hewa, kwa nini watu wa ziwa wanasema hatari kubwa ni CO2?

Nimejaribu kujijibu. Povu la kwanza ni la kwanza tu. Maji yakiendelea kupanda presio inaendelea kushuka, na yakifika juu gesi nyingi imetoka, sasa hesabu si ya presio tena bali ya kiasi: CO2 0,090 dhidi ya 0,018, mara tano. Na hiyo mara tano inalingana na yale uliyotuambia darasani, kwamba ziwa zima lina kama km³ 300 za CO2 na km³ 60 za metani. Kwa hiyo metani ndiyo inayofungua mlango, na CO2 ndiyo inayojaa nyumba. Je, nimesema kweli au nimesema vizuri tu? Mwenzangu anasema ninapenda sana mifano.

Jambo la mwisho, la upesi: mtu mmoja aliweka atm 1 badala ya 0,84, akapata mita 150. Mimi nasema ni kosa kwa sababu tuko Bukavu, hatuko Moanda baharini. Yeye anasema mita moja na nusu haitamuua mtu. Kwa mtihani, unakata pointi au hukati?

Ndiyo hayo, Asista. Ukinifungulia nafasi, nitatuma maandishi haya haya bila picha hata moja, hayazidi Ko 10, yatapita hata kwa rezo yetu. Leo niko na umeme mpaka saa nane mchana kwa dada yangu Nguba, baada ya hapo nitategemea ujumbe mfupi wa kawaida. Ukiona ni kuchelewa mno na wengine walifunga kwa wakati, nitaelewa, liweke la Jumamosi ijayo, lakini tafadhali lile la mita 32 lisisomwe mbele ya watu.

Mama anakusalimu. Anasema yeye anauza sambaza za ziwa hilo miaka yote na hajawahi kuona povu, basi hilo zoezi nilimalize nimsaidie kuanika.

Aksanti sana,
Furaha, kemia, mwaka wa pili