💉 Alhamisi 12 Machi ni siku ya chanjo: mlete mtoto, hata kama umechelewa

Mama, baba, nyanya, shangazi na yeyote anayelea mtoto hapa Busia na vijiji vya jirani, hamjambo.

📅 Alhamisi, tarehe 12 Machi 2026
⏰ Kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 8 mchana
📍 Hapa kliniki, barabara ya kwenda Majanji. Tutakaa nje, chini ya mwembe, penye turubai la bluu
📒 Njoo na kadi ya mtoto
💰❌ Hakuna malipo. Si ya chanjo, si ya kadi, si ya kupima uzito. Mtu akikuomba hata shilingi 500 langoni, ingia ndani utuambie ni nani

Kama jirani yako hasomi, usihangaike kumsomea yote haya. Mwonyeshe mstari huu tu, ataelewa:

👶🏾 📒 ➡️ 💉 📅 12

Sasa niseme na wale mliochelewa, maana ninyi ndio hasa naandika kwa ajili yenu. Wanaofuata tarehe watakuja tu, hata bila tangazo.

Tukifungua daftari letu tunaona majina ya watoto waliochanjwa mara moja au mbili, kisha kimya. Wengine walihama. Wengine mama alikwenda kuhani msiba kwao, akakaa wiki tatu. Lakini wengi, na hili tumelisikia kwa masikio yetu, hawarudi kwa sababu wanaogopa kugombezwa. Naelewa. Mwanangu wa kwanza nilimpeleka akiwa na wiki 9 badala ya 6, kabla sijasomea kazi hii, kwenye kituo kimoja ambacho sitakitaja. Nesi aliinua kadi yangu juu, akauliza foleni nzima kama wanamwona mama asiyejua kuhesabu. Watu wakacheka. Nilimchanja mtoto siku hiyo, lakini miezi miwili iliyofuata sikukanyaga pale, na aliyekosa kinga ni mtoto, si yule nesi.

Hapa kwetu hakuna atakayeinua kadi yako. Tumekubaliana hivyo kama wafanyakazi, na ukigombezwa unayo haki ya kumwita msimamizi palepale.

Na jambo ambalo wengi hawalijui: mtoto aliyechelewa haanzi upya. ✅ Kama alipata sindano ya wiki 6 akakosa ya wiki 10, tunaendelea na ile iliyofuata. Zile za kwanza hazikupotea mwilini. Tunachohitaji ni wiki 4 angalau kati ya dozi moja na nyingine, basi. Kwa hiyo usiseme "nimeshaharibu, acha nisubiri huyu mwingine aliye tumboni." Mlete huyu aliyepo.

📒 Kadi imepotea? Imelowa? Panya wamekula? Njoo hivyo hivyo. Tutatafuta jina kwenye daftari, tutakuandikia nyingine. Na ile mpya usiikunje mfukoni, itie kwenye kavera pamoja na vyeti vya nyumbani. Utaihitaji zaidi ya unavyodhani: sheria ya chanjo ya Uganda ya mwaka 2017 inataka shule ziombe kadi hiyo mtoto anapoandikishwa. Wenye watoto wa chekechea wananielewa.

Kwa mlio upande wa pili wa mpaka, au mnaoishi Sofia lakini mlijifungulia Kenya, kitabu cha kliniki cha huko tunakisoma vizuri tu. Tarehe na majina ya chanjo yapo. Msione aibu kukitoa.

Nani aje hiyo Alhamisi?

👶🏾 Mtoto mchanga ambaye bado hajapata sindano ya kifua kikuu na matone ya polio. Waliozaliwa hospitalini wengi walipata kabla ya kutoka. Waliozaliwa nyumbani mara nyingi hawakupata, kwa hiyo mkunga wa kijiji unayesoma hapa, tusaidie kuwakumbusha.

Wa wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Hawa ndio wenye kazi kubwa. Kuna matone ya mdomoni 💧 na kuna sindano za mapajani. Sindano moja kati ya hizo inabeba kinga tano kwa pamoja: dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini aina ya B, na vijidudu vya Hib vinavyoleta nimonia na homa ya uti wa mgongo. Nyingine ni ya nimonia inayoletwa na vijidudu vya namna nyingine. Ndiyo, katika ziara moja atachomwa zaidi ya mara moja, na atalia. Mnyonyeshe wakati huohuo au mara tu baada ya hapo. Maziwa hayaharibu matone wala sindano, ingawa kuna mtu anaeneza maneno hayo sokoni.

Wa miezi 9: surua na rubela, pamoja na homa ya manjano. Wa miezi 18: dozi ya pili ya surua na rubela. Hii ya miezi 18 ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Mtoto anakimbia, anakula posho, anamtukana kaka yake, na mama anaona kliniki ni ya wachanga. Surua haijali kama mtoto anakimbia.

🦟 Na malaria. Chanjo hii ilizinduliwa hapa Uganda mwezi wa Aprili 2025, kule Apac. Inatolewa mara nne: miezi 6, 7, 8, kisha 18. Hatuhitaji kueleza watu wa Busia malaria ni nini. Kila nyumba imewahi kukesha na mtoto anayetetemeka. Ila nawaomba mnisikilize vizuri: chanjo inapunguza malaria kali, haiondoi mbu. Chandarua kibaki kitandani, kisiende kufunikia mboga shambani. Mtoto akipata homa, bado aletwe apimwe hata kama amemaliza dozi zote nne.

Ukitoka nyumbani mapema utatusaidia sana, na nitakwambia kwa nini. Dawa ya surua na ile ya kifua kikuu huja kama unga, tunaichanganya na maji yake. Chupa ya kifua kikuu ni ya watoto wengi, hadi 20. Ikishachanganywa, baada ya masaa 6 lazima tuimwage, hata kama imebaki nusu. Ndiyo maana tunawakusanya siku moja. Ukija peke yako saa 8 kasorobo, nesi anabaki na chupa mkononi akijiuliza. Atakufungulia, lakini roho itamuuma.

Mmoja wenu aliuliza mwezi uliopita tunajuaje kama dawa haijaharibika, umeme wenyewe huu. Swali zuri, na kila mzazi anaweza kuliuliza mezani. Dawa hukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na siku ya chanjo tunazitoa kwenye kasha lenye barafu. Juu ya chupa kuna alama ndogo, duara lenye mraba ndani yake. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, dawa ni nzima. Mraba ukishafanana rangi na duara au kuwa mweusi zaidi, dawa hiyo haitumiki. Omba uonyeshwe. Hatutakasirika.

🌡️ Baada ya chanjo mtoto anaweza kuchemka mwili kidogo siku moja au mbili, paja likauma au kuvimba kidogo. Hiyo ni kawaida. Mvue nguo nzito, mnyonyeshe mara nyingi zaidi. Kabla hujaondoka nesi atakueleza dawa ya homa kwa kipimo cha uzito wake. Usikisie kwa kijiko cha chai.

Pale alipochomwa ❌ usipake mafuta, majivu, dawa ya meno wala kukanda kwa maji ya moto. Ile ya kifua kikuu hutoa kipele baada ya wiki chache, kinapasuka, kinakauka, kinaacha kovu. Kiache. Kimekuja kufanya kazi yake.

🚨 Lakini usingoje asubuhi ukiona mtoto anapata degedege, anapumua kwa shida, amevimba uso, amelegea hanyonyi, au analia bila kunyamaza zaidi ya masaa 3. Mpeleke kituo cha afya kilicho karibu, usiku huohuo. Mambo hayo ni nadra, na ndiyo sababu tunakuomba ukae nasi angalau dakika 15 baada ya sindano badala ya kukimbilia boda.

Kama mtoto ana mafua kidogo au kuhara kidogo, mlete. Hicho si kizuizi. Akiwa na homa kali, mlete pia, tutamwangalia kwanza na tutaamua pamoja nawe.

Kuna maneno yanayozunguka kwamba chanjo zinafunga kizazi. Nimeyasikia hata kwa watu waliosoma. Naomba mwende kwa nyanya zenu mtazame mkono: wengi wana kovu la chanjo ya ndui. Walichanjwa, wakazaa, na sisi tupo. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa ndui kutoka kwa mwenzake kwa njia ya kawaida alikuwa Somalia, mwaka 1977, na mwaka 1980 dunia ikatangaza kwamba ugonjwa huo umekwisha. Ndiyo sababu mikono ya watoto wenu haina kovu hilo.

Baba, nawe. Nimeona wanaume wanaegesha pikipiki ng'ambo ya barabara wakimngoja mama kama vile hapa ni saluni. Ingieni. Mtoto akishikwa na baba wakati wa sindano, mama anapumua. Na kama mama yuko sokoni au amevuka mpaka kutafuta riziki, baba mlete wewe, au nyanya, au dada mkubwa aliye mtu mzima. Hatuulizi mama yuko wapi. Tunauliza kadi.

Kwa Waislamu, tarehe hiyo itakuwa ndani ya Ramadhani. Anayechomwa ni mtoto, funga yako haiguswi. Tutawaomba walio kwenye foleni wawapishe mnaofunga mapema, kabla jua halijawa kali. Hilo halimo kwenye kanuni yoyote, ni ubinadamu tu.

Mvisheni mtoto nguo inayofunguka kwa urahisi mapajani na mkononi. Beba leso ya ziada, na chai yako kama unanyonyesha, maana foleni ya saa 4 huwa ndefu. Ukiwa na swali kabla ya siku hiyo, namba ya kliniki ni ile iliyoandikwa nyuma ya kadi.

🌧️ Mvua za Machi zimeanza kutuzoea. Ikinyesha Alhamisi, hatuahirishi. Turubai tunalikunja, tunahamia chumba cha kupimia uzito, mlango wa pili kushoto.

Nesi wa chanjo, kwa niaba ya wenzangu wote wa kliniki