Uthibitisho wa Upangaji na Kodi ya Nyumba ya Ndugu Fadhili Jackson Mgaya

Veronika Mashauri Lubango,
Nyumba Na. 27, Kata ya Pasiansi,
Manispaa ya Ilemela,
Mwanza.

15 Septemba, 2025

Meneja Rasilimali Watu,
Kiwanda cha Kusindika Samaki,
Ilemela, Mwanza.

KWA MKONO: inaletwa na mhusika

Ndugu Meneja,

YAH: UTHIBITISHO WA UPANGAJI NA KODI YA MWEZI, NDUGU FADHILI JACKSON MGAYA

Husika na kichwa cha habari hapo juu, pamoja na barua yenu ya tarehe 8 Septemba, 2025 ambayo Ndugu Mgaya amenionesha.

Mimi ndiye mwenye nyumba anayoishi Ndugu Mgaya, mkaguzi wa ubora katika kiwanda chenu. Nathibitisha kwamba ni mpangaji wangu tangu tarehe 1 Machi, 2024, kwamba hadi leo ninapoandika bado anaishi humo, na kwamba kodi yake ni shilingi 250,000 (laki mbili na nusu) kwa mwezi. Kama ofisi ilihitaji hayo tu kwa ajili ya posho ya nyumba, basi mnaweza kuishia hapa. Lakini barua yenu imeuliza mambo ambayo hayajibiki kwa mstari mmoja, na kijana amesharudishwa na makaratasi mara ya pili, kwa hiyo naomba mnivumilie niyaeleze yote kwa pamoja.

Nianze na mkataba. Tuna mikataba miwili, kila mmoja wa miezi kumi na miwili. Wa kwanza ulianza tarehe 1 Machi, 2024 kwa kodi ya shilingi 220,000 kwa mwezi. Ulipokwisha tulikaa tukazungumza, nikapandisha kodi kufikia shilingi 250,000, naye akakubali. Mkataba wa pili ulianza tarehe 1 Machi, 2025 na utaisha tarehe 28 Februari, 2026. Kodi haitabadilika kabla ya tarehe hiyo. Mikataba yote miwili imelipiwa ushuru wa stempu, asilimia moja ya kodi ya mwaka: shilingi 26,400 kwa ule wa kwanza na shilingi 30,000 kwa huu wa sasa. Nimeona kwamba nakala iliyokuwa kwenye faili lenu ni ya mkataba wa zamani, na ndiyo maana mhasibu alikuta 220,000 mahali na 250,000 pengine. Nakala ya mkataba wa sasa naiambatanisha.

Sasa hili la hati za benki, ambalo naona ndilo lililowasumbua zaidi. Mhasibu ameandika kwamba malipo ya Ndugu Mgaya ni shilingi 1,491,000, na kwamba ukigawanya kwa miezi sita hupati 250,000 bali 248,500. Hesabu yake ni sahihi kabisa; mimi nimefundisha hisabati shule ya msingi mpaka nikastaafu, na napenda mtu anayegawanya kabla ya kugonga muhuri. Ila kodi ni 250,000, na shilingi 1,500 inayopungua kila mwezi ina maelezo yake.

Kama mnavyojua, tangu Agosti 2021 kodi ya jengo hukatwa kwenye LUKU, na tangu Julai 2023 nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa hukatwa shilingi 1,500 kwa mwezi. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo, si ya mpangaji. Lakini mita inayokatwa ni ile anayoitumia Ndugu Mgaya, kwa hiyo kila akinunua umeme wa kwanza wa mwezi, fedha yangu inatoka mfukoni mwake. Ingebidi aniletee ujumbe wa LUKU kwenye simu kila mwezi nami nimrudishie chenji mkononi. Jambo hilo lingetuchosha wote wawili. Tukakubaliana, na limo kwenye kifungu cha 6 cha mkataba, kwamba anapolipa kodi ya miezi sita akate shilingi 9,000 moja kwa moja. Ndiyo sababu hati ya benki inasoma 1,491,000, wakati risiti niliyomwandikia inasoma 1,500,000 na chini yake pameandikwa "kimekatwa 9,000 kodi ya jengo". Hizo 9,000 anazilipa yeye kwenye LUKU, mwezi kwa mwezi, kwa niaba yangu. Kwa hiyo hajalipa pungufu, wala sijampunguzia kodi.

Malipo yake tangu aingie ni haya, kama yalivyo kwenye daftari langu na kwenye akaunti yangu ya benki:

Februari 2024, kodi ya Machi hadi Agosti 2024: 1,320,000, iliyoingia benki 1,311,000.
Agosti 2024, kodi ya Septemba 2024 hadi Februari 2025: 1,320,000, iliyoingia benki 1,311,000.
27 Februari, 2025, kodi ya Machi hadi Agosti 2025: 1,500,000, iliyoingia benki 1,491,000.
29 Agosti, 2025, kodi ya Septemba 2025 hadi Februari 2026: 1,500,000, iliyoingia benki 1,491,000.

Sina deni ninalomdai. Amelipa hadi mwisho wa mkataba.

Mmeuliza pia kwa nini watumishi wawili wa kiwanda wameleta madai yenye anwani moja, Nyumba Na. 27. Hapo siwalaumu kuingiwa na shaka. Kibao cha anwani ya makazi ni kimoja, kimepigiliwa kwenye nguzo ya geti, lakini ndani ya kiwanja mna majengo mawili. La mbele naishi mimi na wajukuu. La nyuma, lililoegemea mwamba (huku kwetu hujengi mpaka ukubaliane na mawe), limegawanywa pande mbili, kila upande na mlango wake, mita yake ya umeme na choo chake cha ndani. Ndugu Mgaya anakaa upande wa kulia ukitokea getini: vyumba viwili vya kulala, sebule, jiko na kibaraza kidogo kinachotazama ziwani. Upande wa kushoto una mpangaji mwingine, mwenye mkataba wake na risiti zake. Ni kaya mbili tofauti, hawachangii chumba wala kodi. Na kwa kuwa jengo ni moja, kodi ya jengo inakatwa kwenye mita moja tu, ya upande wa kulia. Mwenzake hakatwi, kwa hiyo hati zake za benki haziwezi kufanana na za Ndugu Mgaya. Zaidi ya hapo sitaandika habari za huyo wa pili. Akihitaji barua ataniomba mwenyewe na nitamwandikia yake.

Kuhusu jina. Ni kweli hati ya kiwanja inasoma Petro Lubango, na risiti zimesainiwa na mimi. Petro alikuwa mume wangu, alifariki mwaka 2021. Mahakama ya Mwanzo iliniteua kuwa msimamizi wa mirathi mwaka 2022, na nakala ya barua ya usimamizi naiambatanisha pamoja na nakala ya kitambulisho changu cha NIDA. Watoto wote wanafahamu kwamba pango la jengo la nyuma napokea mimi, na hakuna mgogoro wowote juu ya nyumba hii. Akaunti inayopokea kodi ni ya jina langu, Veronika Mashauri Lubango, si ya dalali wala ya ndugu. Mapato ya pango nayatolea taarifa TRA mimi mwenyewe. Namba yangu ya mlipakodi imo ukurasa wa kwanza wa mkataba.

Ili ofisi isije ikauliza tena: hiyo 250,000 ni ya nyumba tupu. Umeme ananunua mwenyewe. Bili ya maji ya MWAUWASA inakuja moja kwa kiwanja kizima, tunaigawa kwa idadi ya watu wa kila kaya na kila mmoja ananipa chake mwisho wa mwezi. Fedha hiyo siiandikii risiti ya kodi na haimo kwenye takwimu nilizotaja hapo juu. Mzoa taka namlipa mimi. Mlinzi hatuna. Samani zote zilizomo ni za Ndugu Mgaya, kasoro kabati la ukutani jikoni.

Nyumba anaishi yeye, mke wake na mtoto wao mmoja. Hajapangisha mtu mwingine chumba, na mkataba haumruhusu kufanya hivyo bila ridhaa yangu ya maandishi.

Neno moja ambalo hamkuuliza. Najua zipo barua za namna hii zinazoandikwa kodi kubwa kuliko inayolipwa, mpangaji na mwenye nyumba wakakutana katikati. Mimi mwenyewe nimewahi kuombwa, na mpangaji mwingine wa zamani, nikakataa. Ndugu Mgaya hajawahi kunitajia jambo hilo. Alichoniomba ni kuandika kinachoeleweka, maana ameshachoka kupanda na kushuka ngazi za utawala akitoka zamu ya usiku. Nami sipokei chochote kutokana na posho hiyo. Ikilipwa au isipolipwa, kodi yangu inabaki ileile, na naomba ilipwe kwake kwa utaratibu wenu wa mshahara, isije kwangu.

Mkitaka kuja kuiona nyumba, karibuni. Ipo umbali mfupi kutoka barabara iendayo uwanja wa ndege. Ndugu Mgaya atawaelekeza. Pigeni simu kwanza, namba imo kwenye mkataba, na msije Jumamosi kwa sababu nakuwa kanisani hadi jioni. Daftari la kodi mtaliona, ila sitaliachia litoke nyumbani. Ndugu Mgaya akihama kabla ya mkataba kuisha, ni wajibu wake kuwaarifu. Lakini mkinipigia kuuliza nitawaambia ilivyo.

Naomba madai yake yashughulikiwe kuanzia mwezi ambao taratibu zenu zinaruhusu. Kama bado kuna karatasi inayokosekana, niandikieni mimi moja kwa moja badala ya kumrudisha tena.

Nawatakia kazi njema.

Wenu mwaminifu,

(Imesainiwa)
Veronika Mashauri Lubango
Mwenye nyumba na msimamizi wa mirathi ya marehemu Petro Lubango

Viambatanisho:
Nakala ya mkataba wa pango, 1 Machi, 2025 hadi 28 Februari, 2026, wenye stempu
Nakala za risiti mbili za mwaka 2025 na hati za benki zinazohusika
Nakala ya barua ya usimamizi wa mirathi
Nakala ya kitambulisho cha Taifa
Picha mbili za jengo la nyuma, zikionesha milango na mita zote mbili za umeme

Nakala: Ndugu Fadhili J. Mgaya

UTHIBITISHO WA SERIKALI YA MTAA

Bi. Veronika Mashauri Lubango ni mkazi wa mtaa huu na anafahamika kwa ofisi hii kuwa mmiliki wa Nyumba Na. 27 kwa niaba ya familia ya marehemu Petro Lubango. Ndugu Fadhili Jackson Mgaya ameandikishwa katika rejista ya wakazi kuwa mpangaji katika nyumba hiyo. Ofisi haihusiki na kiasi cha kodi walichokubaliana.

(Imesainiwa na kugongwa muhuri)
A. M. Ndaki
Afisa Mtendaji wa Mtaa
15 Septemba, 2025