Maneno ya mwisho wa video: tanki la maji, Majengo

Somo limekwisha pale niliposema amina. Ninayosema sasa ni habari za nyumbani, kwa hiyo mwenye kutaka kuzima simu azime. Baraka yake haijafungiwa humu ndani.

Kwanza, maombi. Kuna mama wa kwaya yetu ambaye mtoto wake aliondoka kwenda machimboni, na tangu mwezi wa tatu hajapiga simu. Ameniomba nisitaje jina lake, wala sura yake hatukuionyesha. Ukipata dakika moja leo, hata ukiwa kwenye moto, mwombee tu "yule mama wa Majengo." Mungu anamfahamu.

Pili, kama kuna mtu unayeona somo hili litamfaa, mtumie. Mmoja anatosha. Usilisambaze kwa watu kumi kwa kuogopa. Hakuna laana hapa, na hakuna muujiza unaosubiri kabla ya saa sita usiku. Tena video inakula mega. Tumeweka odio peke yake, ni nyepesi, mtumie hiyo.

Tatu ni tanki. Mnajua Goma yetu: mvua inanyesha kwa nguvu, mawe meusi yanaimeza yote, kesho yake watoto wako barabarani na bidoni wanashuka ziwani. Paa la kanisa ni kubwa, tunataka kukinga maji yake. Tanki la lita 5,000, pamoja na mifereji na fundi, ni dola 740. Tunazo 410. Zinabaki 330. Maji yatakuwa ya kartie nzima, anayesali hapa na asiyesali.

Namba ya Airtel Money iko chini ya video. Kabla ya kuthibitisha, soma jina linalotokea: ni la mama mweka hazina. Likitokea jina langu au la mtu mwingine, acha, umekosea namba au kuna mwizi. Hesabu tunaibandika mlangoni kila mwisho wa mwezi, na mimi sigusi hizo pesa.

Sasa nisikilizeni vizuri, wazazi wangu. Mwaka jana kijana mmoja alitutumia minerval ya mdogo wake, eti ni mbegu. Tulimrudishia siku ileile, na gharama ya kutuma tukalipa sisi. Pesa ya unga, ya dawa, ya shule, ya deni, ikae kwako. Paulo aliandika katika 2 Wakorintho 9:7 kwamba mtu atoe si kwa huzuni wala kwa lazima. Usipotoa, Jumapili tutasalimiana vilevile, na bidoni yako itajazwa kama ya wengine. Zikipatikana hizo 330, tutaondoa namba.

Ibada ni saa tatu, ya Kifaransa saa tano. Ngoja nizime, mvua imeanza kugonga mabati na sauti yangu hamtaisikia tena.