Chemli sita

Tarehe 24 Desemba, saa moja na nusu usiku, umeme ulikatika Kibosho nzima. Nilikuwa nimesimama juu ya stuli barazani nikifunga ncha ya mwisho ya taa za kumetameta nilizonunua Kariakoo. Nilizipakata kwenye basi kutoka Dar es Salaam, njia nzima, zisije zikabanwa na mizigo ya watu. Ziliwaka kama dakika tatu. Watoto walikuwa bado wanapiga makofi giza lilipoingia, makofi yakafa moja moja.

"Utarudi sasa hivi," alisema kaka Gaudensi.

Tukangoja. Ng'ambo ya bonde hapakuwa na hata nukta ya mwanga, na kwetu migomba inaziba mpaka nyota. Neema, mwenye miaka 4, akaanza kulia kwamba Krismasi imezimika.

Mama hakusema kitu. Tulimsikia stoo akisogeza madebe ya ulezi, kisha akaita watu wa kumsaidia kutoa boksi. Ndani yake mlikuwa na chemli sita, kila moja imeviringishwa kipande cha kanga kuukuu, na vioo vyake vimefungwa magazeti.

Miaka yote hiyo nilidhani ziliuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Baba alikuwa akimnunulia kila mtoto chemli yake soko la Mbuyuni, Moshi mjini, anapoingia darasa la saba, kisha anakwangua herufi za jina lake kwenye tangi kwa msumari. Hakutaka mtoto wa mtihani agombanie mwanga na mtu. Mwaka ambao kahawa haikulipa aliuza mbuzi, lakini chemli ilinunuliwa.

Shida ikawa mafuta. Tangu bei ya mafuta ya taa ipandishwe mwaka 2011, ili watu waache kuyachakachulia dizeli, Mama hununua kidogo tu ya kuwashia kuni. Chupa ilikuwa nusu. Kaka akashauri tujaze mbili, moja ya jikoni, moja ya sebuleni.

"Zote sita," alisema Mama, akaanza kugawa kwa kikombe cha kahawa.

Kila mtu akachukua yake. Utambi unaukata ncha mbili za pembeni ziwe mviringo, la sivyo moto unapanda upande mmoja na masizi yanakula kioo. Kioo unakipulizia pumzi ndani, unafuta kwa gazeti, unapulizia tena. Sikuwa nimegusa chemli zaidi ya miaka 20, lakini mikono ilitangulia kabla sijafikiri. Kaka, mhasibu mwenye miaka 51, alikuwa amepiga magoti sakafuni ananusa utambi. Fortunata alitukumbusha jinsi alivyounguza nyusi akisinzia juu ya ramani ya Afrika, tukacheka mpaka wadogo zetu wawili wakaja na zao kutusikiliza.

Ikabaki ya sita. Herufi zilikuwa K. T.

Kasto alitutoka miaka 8 iliyopita. Mwanawe, Brayani, alikuwa amekaa mlangoni, kimya. Mama akamwita.

"Hii ni ya baba yako. Mwakani na wewe unaingia la saba, sivyo?"

"Ndiyo, Bibi."

Aliipokea kwa mikono miwili. Alipoigeuza kupangusa vumbi, tukaona chini ya tangi mchoro ambao hakuna kati yetu aliyewahi kuujua: lori dogo, limekwanguliwa kwa ncha ya kitu, na tairi tano. Kasto alikuja kuwa dereva wa malori.

"Hapa alikosea kuhesabu," alisema Fortunata taratibu.

"Hajakosea, shangazi," Brayani akajibu. "Hili la juu ni la akiba."

Mama akageukia ukuta kidogo, akajifuta kwa ncha ya kanga.

Ni Brayani aliyesema tuzitoe nje. Akapanda mparachichi wa uani, sisi tukampa moja moja, akazitundika kwenye matawi, ya baba yake chini kabisa anapoifikia kwa mkono. Ukungu ulikuwa umeshuka, kila taa ikajizungushia duara la dhahabu, na majani ya migomba yakang'aa kwa umande. Neema aliacha kulia. Waliokuwa wakipita kwenda misa ya mkesha walisimama kwenye uzio wa masale, na akina mama wa kwaya wakaanza kuimba hapo hapo njiani, bila kinanda.

Katikati ya wimbo umeme ukarudi. Taa zangu za Kariakoo zikaanza kurukaruka barazani, nyekundu, kijani, buluu.

"Zizime hizo, mwanangu," Mama aliniambia, macho yake yako mtini.

Nikazizima. Nilipotoka, Brayani alikuwa ameshamfuata.

"Bibi, na kesho usiku?"

Mama akainua chupa, akaitikisa karibu na sikio, akisikiliza.