Mwili Wangu Huu Hapa

*Kwa mlezi: Shairi hili ni la watoto wa mwaka mmoja na nusu hadi mitatu. Keti nao mkekani, uso kwa uso. Ghani mstari polepole, kitendo kifuate papo hapo. Mambo ya kulia na kushoto yaache kwanza, umri wake bado. Asiyeweza kutamka na aguse tu, akigusa, amejibu.*

Mwanangu njoo tucheze,
(Mwite kwa mikono miwili.)
Viungo tuvieleze,
(Jipapase kuanzia kichwani hadi miguuni.)
Nikigusa, uigize:
(Mguse mtoto puani, naye akuguse.)
Mwili wangu huu hapa!
(Wote wajipige kifuani kwa viganja.)

Kichwa ninakitikisa,
(Tikisa kichwa, kama mtoto anayekataa uji.)
Nywele ninazipapasa,
(Papasa nywele. Aliyenyolewa apapase kipara.)
Paji la uso nagusa,
(Bandika kiganja juu ya nyusi.)
Mwili wangu huu hapa!
(Jipige kifuani.)

Macho mawili nafumba,
(Fumba macho.)
Giza limejaa nyumba,
(Yafunike kwa viganja. Subiri kidogo.)
Nafumbua, lile shamba!
(Ondoa viganja ghafla, nyoosha kidole nje.)
Mwili wangu huu hapa!
(Jipige kifuani.)

Pua inanusa ndizi,
(Vuta pumzi puani kwa sauti.)
Inanusa na mchuzi,
(Pepea mkono mbele ya pua.)
Na wali wetu wa nazi,
(Kunja pua, piga chafya ya kuigiza kwenye kiwiko: "Chyaa!")
Mwili wangu huu hapa!
(Jipige kifuani.)

Kinywa ninakifungua,
(Achama: "Aaa!")
Ulimi nauinua,
(Toa ulimi, jaribu kugusa pua kwa ncha yake.)
Meno ninayasugua,
(Kidole cha shahada kiwe mswaki: mbele, pembeni, ndani.)
Mwili wangu huu hapa!
(Jipige kifuani.)

Sikio hili, na hili,
(Shika moja, kisha la pili.)
Masikio ni mawili,
(Yavute yote taratibu.)
Jogoo awika mbali:
(Tega kiganja nyuma ya sikio. Wote: "Kokoriko!")
Mwili wangu huu hapa!
(Jipige kifuani.)

Shingo huku, shingo kule,
(Geuza shingo pande zote mbili.)
Mabega juu, yalale!
(Pandisha mabega hadi masikioni, kisha yaachie.)

Kiwiko ninakikunja,
(Kunja mkono, gusa ncha ya kiwiko.)
Napigapiga viganja,
(Makofi: pa! pa! pa!)
Ugali ninauonja,
(Finyanga tonge la hewani, lichovye, litie kinywani.)
Mwili wangu huu hapa!
(Jipige kifuani.)

*Kwenye vidole usiharakishe. Shika kiganja cha mtoto, mpitishe kidole kimoja kimoja. Akitaka virudiwe, rudia, hata kama shairi litaishia hapo kwa siku hiyo.*

Dole gumba, ndilo nene,
(Litikise.)
Shahada nyoosha, tuone,
(Nyoosha kidole hicho juu.)
Kati, pete, viungane,
(Gusa cha kati, gusa cha pete, vibane pamoja.)
Cha mwisho kile, kione!
(Kikamate kwa vidole vyako viwili, kipungize.)

Kifuani panadunda,
(Tuliza kiganja kifuani, sikilizeni: du, du, du.)
Tumboni mna matunda,
(Sugua tumbo kwa kuzungusha: "Mmm!")
Kitovu ninakiwinda:
(Kidole kizunguke tumboni, kizunguke tena, kisha kitue kitovuni: "Hiki!")
Mwili wangu huu hapa!
(Jipige kifuani. Kicheko kikizidi, ngoja kiishe.)

Mgongo umeinama,
(Simama, inama, mkono uguse mgongo.)
Kiuno chajua ngoma,
(Shika kiuno, kizungushe.)
Makalio yako nyuma,
(Yapigepige, kisha keti mkekani: "Pu!")
Mwili wangu huu hapa!
(Jipige kifuani.)

Mapaja, piga mapaja,
(Yapige kwa viganja.)
Magoti yote pamoja,
(Gonganisha magoti.)
Nyayo, tekenya mmoja,
(Mtekenye unyayo. Akiuficha mguu, mwache.)
Mwili wangu huu hapa!
(Jipige kifuani.)

Visigino vinagonga,
(Nyoosha miguu, gonga sakafu: ko! ko!)
Miguu ninaipanga,
(Simama, panga miguu sambamba. Asiyesimama vizuri mshike mikono.)
Juu! Nimeruka anga!
(Ruka. Aliye mdogo mrushe wewe.)
Mwili wangu huu hapa!
(Ajikumbatie kwa mikono yote miwili.)