Maendeleo ya mgonjwa: wodi ya wanaume, siku ya 9 ya klozapini

14/5/2025, saa 4:20 asubuhi. Mwanamme, miaka 31, mkaazi wa Wete. Skizofrenia; haloperidoli na olanzapini, kila moja kwa dozi na muda wa kutosha, hazikumfaa. Klozapini imefika mg 25 asubuhi na mg 75 usiku.

Sauti bado anazisikia, ila anasema "zimekuwa mbali". Hana mawazo ya kujidhuru.

Damu: seli nyeupe 3.9, nyutrofili 1.8 (× 10⁹/L). Kabla ya kuanza nyutrofili zilikuwa 2.1, na kipimo cha mwaka jana, kabla ya klozapini, kilikuwa 1.9. Joto 36.7, koo safi, hana vidonda mdomoni. Nyutrofili za chini kidogo kwa asili ni jambo la kawaida kwa watu wenye asili ya Afrika, na hapa hazijaporomoka. Sioni sababu ya kumkosesha dawa, lakini siichukulii 1.8 kuwa salama moja kwa moja: damu irudiwe 16/5, kisha mara mbili kwa wiki hadi itulie. Chini ya 1.5, klozapini isimame na niitwe hapo hapo. Homa au koo kuuma: damu siku hiyo hiyo, usiku au mchana. Asipewe kotrimoksazoli wala kabamazepini.

Choo: chati ya juzi inasema amekwenda chooni. Nilipomuuliza akajibu, "Nilikwenda kukojoa tu, daktari." Hajapata choo kikubwa siku nne. Tumbo limejaa kidogo, ni laini, haliumi likibonyezwa, utumbo unasikika. Kwa kidole, kinyesi kigumu. Hatapiki. Benzeksoli ya wakati wa haloperidoli bado ilikuwa kwenye kadi, nayo hufunga choo vilevile; nimeisimamisha leo. Bisakodili ya njia ya nyuma mg 10 sasa, kisha vidonge mg 10 kila usiku, na laktulosi ml 15 mara mbili. Maji mengi, unga wa nyuzinyuzi hapana. Wauguzi waandike choo chenyewe: kimetoka au la, kigumu au laini. Tumbo likivimba au kuuma sana, au akitapika: dawa isitolewe, daktari wa upasuaji aitwe.

Usingizi: chai na boflo vilipoa pembeni yake, aliamka saa nne, mto umelowa mate. Akiulizwa hujibu vizuri. Pumzi 16. Shinikizo 118/76 amelala, 98/64 akisimama, mapigo 112. Wodini havuti sigara. Nje alikuwa akivuta pakiti kwa siku, na anayeacha, klozapini hupanda mwilini. Kwa hiyo naondoa dozi ya asubuhi bila kuihamishia usiku: mg 75 saa 2 usiku, hakuna kupandisha hadi majibu ya 16/5. Diazepamu asipewe bila kuniuliza. Akae kitandani kwanza kabla ya kusimama. Kwa mapigo haya, apimwe moyo kwa EKG, troponini na CRP leo. Maumivu ya kifua au pumzi kubana, niitwe.

Nimemweleza yeye na kaka yake, wamekubali. Kaka anataka arudi Pemba mapema. Nimemwambia damu ni kila wiki kwa wiki 18 za mwanzo, hivyo ruhusa itasubiri ijulikane atapimwa wapi na nani atanipigia majibu. Akikosa dozi zaidi ya saa 48, aanze upya mg 12.5.

Daktari wa wodi