Kwa Wapya: Miaka Mitatu ya True Detective Msimu wa Kwanza

Haya karibuni, hasa nyie wapya mliotuma voisi mkisema mmeanza True Detective msimu wa kwanza mkaachia episodi ya pili kwa sababu hamjui huu ni mwaka gani. Msiiache, tafadhali, hii ni kazi nzito sana.

Shikeni miaka mitatu tu: 1995, 2002 na 2012. Kesi inaanza 1995 kule Louisiana, mwili wa Dora Lange unakutwa kwenye shamba la miwa, wapelelezi ni Rust na Marty. Sasa 2012 wapelelezi wengine wawili wanawahoji hao hao, kila mtu kivyake, na zile stori wanazotoa ndo zinatupeleka nyuma. 2002 ndo urafiki unavunjika, hiyo mtaiona mbele.

Ukipotea mwangalie Rust. Nywele fupi, kanyoa safi, hiyo 1995. Nywele ndefu kazifunga nyuma, masharubu, mezani makopo ya bia anayakatakata anatengeneza vijitu, basi uko 2012. Marty naye kipara kimeshaingia.

Halafu episodi ya tano, nawaomba simu wekeni pembeni, maana hapo mdomo unasimulia hivi na picha inaonyesha vile, yaani unagundua kumbe hawa jamaa wanadanganya wakiwa wameketi kwenye kiti cha mahojiano, na mi naona hapo ndo utamu wote wa kurukaruka miaka ulipo.

Ya saba ikianza 2012 ndo inashika usukani. Twende episodi ya kwanza.